Sauti ya Gurumo haikuambii bendi

Swali limeniletewa tena, na safari hii limekuja na nusu dakika ya kaseti iliyochakaa: "Mwalimu, huyu ni Super Stereo na Mjomba. Bendi yao ilikuwa inaitwaje?" Aliyeuliza anataka jina moja. Ameshauliza wazee watatu, amepata majibu matatu, na sasa ameamua kwamba wawili kati yao wamesahau.

Hakuna aliyesahau. Swali ndilo lenye kasoro. Hassan Rehani Bitchuka, anayeitwa Super Stereo, na Muhiddin Maalim Gurumo, aliyeitwa Mjomba, hawakuwa na bendi. Walikuwa waajiriwa, na waliajiriwa pamoja katika bendi tatu tofauti. Mzee aliyecheza dansi mwaka 1976 atakwambia NUTA. Aliyecheza mwaka 1982 atakwambia Mlimani Park. Aliyecheza mwaka 1986 atakwambia Safari Sound. Wote watatu wana haki, kila mmoja anasema alichokiona kwa macho yake.

Linalonichosha ni ile imani inayojificha nyuma ya swali, kwamba ukishaitambua sauti umeshaitambua bendi. "Sauti haidanganyi," watu huniambia, na wanakasirika nikiwakatalia. Kwa imani hiyo maelfu ya nyimbo za zilipendwa zimewekwa majina yasiyo yake. Mtu anasikia Gurumo, anaandika "Msondo", kwa sababu alimjua Gurumo akiwa Msondo siku za mwisho. Mwingine ananakili, wa tatu anachapa kwenye jalada la kanda, na baada ya miaka kumi kosa limekuwa historia.

Sauti inakutajia mtu, basi, na hata hapo ni pale tu rekodi inaposikika vizuri na huyo mtu hana mwigaji. Waigaji walikuwepo tele. Mwimbaji maarufu akihama, uongozi wa bendi ulikuwa unamtafuta kijana wa kuziba pengo, na sifa ya kwanza ya kijana huyo ilikuwa kufanana na aliyeondoka, maana mashabiki waliolipa kiingilio walitaka kusikia nyimbo zao walizozizoea. Aliyehama naye hakuziacha tungo zake mlangoni. Aliendelea kuziimba kule alikokwenda. Kwa hiyo wimbo mmoja unaweza kuusikia kwa sauti mbili zinazokaribiana, ukipigwa na bendi mbili zilizokuwa mahasimu.

Mchukue Marijani Rajab, Jabali la Muziki. Sauti yake huwezi kuichanganya na ya mtu mwingine. Sasa sikiliza "Georgina", kisha "Zuwena". Mwimbaji ni yuleyule, namna ya kusimulia ni ileile, na msikilizaji wa haraka ataapa kuwa ni bendi moja. "Georgina" ni ya Safari Trippers. "Zuwena" ni ya Dar International. Bendi mbili, wapigaji wengine, mtindo mwingine. Na si hivyo tu: mwaka 1978 sehemu kubwa ya wanamuziki wa Dar International, akiwamo mpiga gitaa Abel Baltazar, waliondoka kwenda kuanzisha Mlimani Park, lakini Marijani alibaki na Dar International ikaendelea. Anayefuata sauti ya Marijani atasema bendi haikuguswa. Anayefuata magitaa atasema bendi imehama. Kila mmoja ameshika kipande.

Sababu ya yote haya ni mali. Bendi nyingi za Tanzania za wakati ule zilimilikiwa na taasisi: chama cha wafanyakazi, jumuiya ya vijana wa chama tawala, kiwanda cha nguo, shirika la bima. Magitaa, ngoma, maikrofoni na spika vilikuwa vya mwajiri, na jina pia lilikuwa lake. Mwanamuziki alipokea mshahara kama karani. Akikosana na uongozi aliondoka na kipaji chake, na kesho yake mtu mwingine alishika gitaa lilelile chini ya bango lilelile. Ndiyo maana bendi inaweza kupoteza waimbaji wote isife. Na mwenye mali akibadili jina, bendi nayo inabadilika jina bila mtu hata mmoja kuhama.

Hilo la mwisho ndilo lililoipata NUTA Jazz. Ilizaliwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha NUTA. CCM ilipoanzishwa mwaka 1977, chama cha wafanyakazi kikapangwa upya kikawa JUWATA, na bendi ikawa JUWATA Jazz. Mwaka 1991 ikaja OTTU, bendi ikawa OTTU Jazz. Baadaye ikabaki na jina ambalo mashabiki walikuwa wakilitumia siku zote, Msondo Ngoma. Majina manne, bendi moja. Huku upande wa pili Bitchuka na Gurumo, watu wawili, wamepita bendi tatu. Ukichanganya mambo hayo mawili ndipo unapata ule ugomvi wa wazee wangu watatu.

Basi bendi inatambulikaje? Kwa mtindo. Wasikilizaji wa leo wanadhani yale maneno yanayopigwa kelele katikati ya wimbo ni mapambo. Hapana. Kila bendi ilikuwa na jina la uchezaji wake, ililinadi kwenye kibwagizo na kwenye matangazo ya dansi, na lilikuwa alama ya bendi, si ya mwimbaji. NUTA walikuwa na Msondo. Mlimani Park wana Sikinde. Safari Trippers walikuwa na Sokomoko, Dar International wakawa na Super Bomboka. Western Jazz walikuwa na Saboso. Maquis walipitia Kamanyola na Ogelea Piga Mbizi, na Vijana Jazz wakatoka Koka Koka hadi wakafika Pamba Moto, kwa hiyo kwa bendi kama hizo mtindo unakupa hata kipindi. Mwimbaji aliyehama alilazimika kunadi mtindo wa mwajiri wake mpya. Gurumo alipokuwa Mlimani Park alinadi Sikinde. Alipochukuliwa na Orchestra Safari Sound mwaka 1985 akanadi Ndekule.

Usichanganye mtindo na majina ya watu yanayoitwa wakati magitaa yanachanganya. Yale yanaweza kuwa ya mpiga solo, ya shabiki aliyetunza jana, au ya rafiki asiyekuwepo kabisa ukumbini. Nimeona watu wakijenga orodha nzima ya wanamuziki kwa majina hayo. Orodha hizo hazifai.

Turudi kwenye ile kaseti. Sauti mbili, Bitchuka na Gurumo, zimeniachia bendi tatu. Nilimwambia mwenye kaseti asinitumie mwanzo wa wimbo, anitumie mwisho, pale mashairi yanapokwisha na wimbo unapochangamka, kwa sababu hapo ndipo mtindo unaponadiwa. Alinitumia. Neno lililosikika ni Sikinde. Hapo NUTA imetoka, Safari Sound imetoka. Ni Mlimani Park, na kwa kuwa Gurumo alikuwa pale tangu mwanzo wake mwaka 1978 hadi alipoondoka mwaka 1985, wimbo umekaa ndani ya miaka hiyo saba.

Unaweza kubana zaidi? Wakati mwingine ndiyo, kupitia mwenye mali. Mlimani Park ilianza chini ya kampuni ya usafiri na teksi, TTTS, na ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC, mwaka 1983. Utepe au lebo ya wakati ule inayosema Mlimani Park bila DDC inaelekea kuwa ya mwanzo. Lakini jihadhari: kanda zilizotolewa upya baadaye huandika DDC kwenye kila kitu, hata kwenye nyimbo zilizorekodiwa kabla DDC haijaingia. Jina la kwenye jalada ni la siku ya kuchapa jalada, si la siku ya kurekodi. Kaseti ya huyu ndugu haikuwa hata na jalada, kwa hiyo jibu lake linaishia kwenye miaka saba, na ni jibu zuri.

Ingekuwa neno lililosikika ni Msondo, ningeuliza nani mwingine anaimba. TX Moshi William aliingia JUWATA miaka ya 1980, Gurumo akiwa hayupo. Gurumo alirudi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo Gurumo na TX Moshi wakisikika katika wimbo mmoja, huo haukurekodiwa enzi za NUTA, hata jalada liseme nini. Na hauwezi kuvuka mwaka 2006, alipofariki TX Moshi. Hapo ndipo sauti inapokuwa na kazi: sauti mbili kwa pamoja, zikiwekwa juu ya mtindo unaojulikana. Moja peke yake haitoshi.

Mengine nayasema kwa haraka, maana hayana ugumu. Ukiwa na jina la utani tu, tafuta kwanza jina kamili, kisha andika bendi zote alizopitia kwa mfuatano, kabla hujasikiliza chochote. Muulize mzee alicheza dansi ukumbi gani na wakati huo alikuwa anafanya kazi wapi. Mwaka wa ajira yake ataukumbuka, wa bendi hataukumbuka. Angalia maneno "Super", "Original" na "International" yaliyoongezwa kwenye jina, maana mara nyingi ni dalili ya mgawanyiko au mmiliki mpya: Maquis du Zaire ikawa Maquis Original, Matimila ya Remmy Ongala ikawa Super Matimila. Kama wimbo ulirekodiwa Radio Tanzania, utepe wenyewe ulihifadhiwa na kumbukumbu zake ziko TBC, nazo zina uzito kuliko jalada la kanda ya mtaani. Kama ni sahani ya santuri, soma lebo yote, pamoja na jina la mtunzi lililo kwenye mabano. Na ukiambiwa bendi bila kuambiwa mtindo wala mwaka, usiandike popote.

Kwa hiyo ukiniletea wimbo, niletee mwisho wake, niambie nani unawasikia, wote, si mmoja, na niambie aliyekusimulia aliusikia lini na wapi. Kaseti ikikatika kabla ya mtindo kunadiwa na sauti ni moja tu, nitakupa bendi mbili au tatu zinazowezekana, na hizo ndizo utakazoandika.