Ng'onda ilivyogeuka "ngâ€™onda" saa kumi na dakika hamsini

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye saiba moja huku kwetu pwani pamoja na mzee mmoja, katibu wa kikundi cha wavuvi, na mama mmoja ambaye ndiye mweka hazina wao. Wanaomba ruzuku ya vichanja vya kuanikia ng'onda na friza moja. Fomu yenyewe ni ya mtandaoni tu, na ilikuwa inafungwa saa kumi na moja jioni ya siku hiyo. Kulikuwa na kisanduku kimoja cha maelezo ya kikundi, na juu yake kumeandikwa "Maximum 2000 characters". Kiswahili kiliruhusiwa.

Maelezo walikuwa wameshayaandika kwenye Word, tena yameandikwa vizuri. Aya saba. Mimi niliitwa kwa sababu, kama alivyosema yule mzee, "Mwanangu, twaibandika yaingia, twabonyeza yakataa."

Nieleze kilichokuwa kinatokea, kwa sababu si wao peke yao. Kila msimu wa basari na maombi ya kazi naletewa simu yenye tatizo hilihili.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo "characters". Si maneno. Ni kila kitu kinachochukua nafasi moja katika maandishi: herufi, tarakimu, nukta, mkato, na ile nafasi tupu kati ya neno na neno. Nafasi tupu zinahesabiwa, na wengi hapo ndipo wanapokosea mwanzo. Ukibonyeza pale chini ya ukurasa wa Word palipoandikwa idadi ya maneno, utaletewa dirisha dogo lenye mistari miwili inayofanana: "Characters (no spaces)" na "Characters (with spaces)". Unaotakiwa kuusoma ni wa pili. Wa kwanza utakufurahisha bure.

Maelezo ya wavuvi wetu yalisoma 1,984 kwenye mstari huo wa pili. Chini ya 2,000. Kwa nini basi yakatae?

Kwa sababu Word haihesabu Enter. Kila unapomaliza aya na kubonyeza Enter, unaweka alama usiyoiona inayosema "shuka mstari". Word haiitii katika hesabu yake, lakini fomu inaihesabu. Aya saba zina miruko sita kati yake, kwa hiyo yalipobandikwa, kaunta iliyo chini ya kisanduku ilisoma 1,990.

Hapo likazuka jambo la pili. Kwenye Word aya zao zilikuwa zimeachana vizuri, macho yanapumua. Kwenye kisanduku zikabanana kama dagaa kwenye tenga. Ule mwanya wa kwenye Word haukuwa mstari mtupu, ulikuwa ni mpangilio wa ukurasa tu: Word huongeza nafasi kidogo baada ya kila aya bila mtu kuandika chochote. Kisanduku cha fomu hakijui mpangilio, kinapokea maandishi matupu. Mama mweka hazina akafanya alilopaswa kufanya, akaongeza Enter moja zaidi kila baada ya aya. Enter sita zaidi, na kaunta ikasoma 1,996. Bado ndani ya mpaka.

Akabonyeza kutuma, ikarudi na maandishi mekundu kwamba imezidi.

Kaunta unayoiona kwenye skrini na seva inayopokea fomu ni wahesabuji wawili tofauti. Kwenye skrini, Enter moja huhesabiwa kama alama moja. Lakini kivinjari kinapotuma fomu ya kawaida, kila Enter husafirishwa kama alama mbili, moja ya kurudi mwanzo wa mstari na moja ya kushuka, desturi iliyobaki tangu enzi za mashine za chapa. Kama aliyetengeneza fomu hakulikumbuka hilo, seva yake itahesabu zote mbili. Sasa piga hesabu: Enter kumi na mbili mara mbili ni 24. Ongeza 1,984. Jumla 2,008. Tumezidi kwa nane, ilhali kaunta inatuambia tumebakisha nne.

Si kila fomu iko hivyo. Nyingine zinahesabu Enter mara moja huku na huku, na hapo hutaona shida yoyote. Lakini ukiwa nje huwezi kujua, kwa hiyo mimi huchukua hesabu ya Word yenye nafasi tupu, kisha naongeza mbili kwa kila Enter. Nikiwa ndani ya mpaka kwa hesabu hiyo, Enter haiwezi kunikwamisha.

Ilibidi tupunguze. Yule mzee alikuwa ameandika "kwa heshima na taadhima" katika aya ya kwanza, na tena katika aya ya mwisho. Nilimwomba ile ya kwanza iende. Hakupenda. "Heshima nayo ina kikomo siku hizi?" Ukiitoa pamoja na nafasi tupu moja iliyoifuata, ni alama 24. Tukabaki na 1,960 kwenye Word, ambazo pamoja na Enter zote ni 1,984. Ikapita.

Ikapita, lakini fomu hiyo, bahati njema, ilikuwa na ukurasa wa "Preview" kabla ya kutuma moja kwa moja. Tukaufungua saa kumi na dakika hamsini. Aya zilikuwa zimekaa sawa. Ila kila palipokuwa na ng'onda palisomeka hivi:

```
ngâ€™onda
```

Mara kumi na nne. Mama akashika kichwa. Ombi lote ni la ng'onda, na neno lenyewe ndilo lililoharibika.

Kosa si la Kiswahili wala si la mkono wa mtu. Ni la ritifaa. Ritifaa inayotoka kwenye kibodi ni ile iliyosimama wima, '. Word ikiiona inaibadilisha yenyewe kuwa iliyopinda, ’, kwa sababu inapendeza zaidi kwenye karatasi. Kwa macho karibu hazina tofauti. Kwa kompyuta ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Iliyosimama imo katika alama za zamani ambazo kila mtambo unazijua, na huhifadhiwa kwa baiti moja. Iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu, na mtambo usiojua kwamba zile tatu ni alama moja huzisoma kimojakimoja. Ndipo unapopata â, kisha €, kisha ™. Ukikutana na utatu huo mahali popote, jua hapo palikuwa na ritifaa iliyopinda. Fomu nyingine huweka alama ya kuuliza badala yake, na nyingine huifuta kabisa ukabaki na "ngonda". Mkaguzi asiyejua pwani atadhani umekosea tahajia.

Waingereza wana "don't" na "it's", ikiharibika bado mtu anafahamu. Sisi ritifaa yetu ni sauti. Hata majina yetu yana ng' zake. Ndiyo maana naona jambo hili linatuumiza zaidi.

Tena linagusa hesabu. Zipo seva zinazohesabu baiti badala ya alama. Kwa seva ya namna hiyo kila ritifaa iliyopinda ni tatu badala ya moja, yaani mbili za ziada. Kumi na nne mara mbili ni 28. Ukizisimamisha, 28 hizo zinaondoka zenyewe bila kukata neno hata moja.

Kijana wa saiba alituambia tupitishe maandishi kwenye Notepad "ili yasafishwe". Ushauri huo unatembea sana, na ni nusu ya kweli. Notepad inaondoa mapambo: herufi nene, rangi, ukubwa, majedwali. Ctrl+Shift+V kwenye vivinjari vingi inafanya kazi hiyohiyo. Lakini ritifaa iliyopinda si pambo, ni alama kamili, na Notepad inaipitisha ilivyo. Tulijaribu, na dakika mbili zikapotea.

Dawa iko kwenye Word yenyewe, ila lazima ufuate mpangilio. Kwanza zima tabia ya kupinda: File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, kisha ukurasa wa AutoFormat As You Type, uondoe tiki kwenye mstari unaosema "Straight quotes" with "smart quotes". Baadaye fungua Ctrl+H, andika ritifaa kwenye Find what, andika ritifaa hiyohiyo kwenye Replace with, ubonyeze Replace All. Inaonekana kama mchezo, kubadilisha kitu kwa kitu kilekile, lakini Word inapotafuta ritifaa inazikamata za aina zote mbili, na inaporudisha inaweka iliyosimama. Ukianza na Ctrl+H kabla ya kuondoa tiki, zitarudi zimepinda na utaona kama hukufanya kitu. Fanya vivyo hivyo kwa alama za kunukuu. Kistari kirefu, –, nacho badilisha kiwe kifupi cha kwenye kibodi. Wenye iPhone, mlango wenu ni Settings, General, Keyboard, halafu zima Smart Punctuation.

Saa kumi na dakika hamsini na sita tulibandika upya. Kabla ya kutuma niliangalia sentensi ya mwisho, kwa sababu visanduku vingine havikatai maandishi marefu, vinayakata mkia kimyakimya wakati wa kubandika, na kwa kawaida mkiani ndipo mtu anapotaja kiasi anachoomba. Kiasi kilikuwepo. Preview ikaonyesha aya saba na ng'onda kumi na nne.

Kama Preview yako itaonyesha aya zote zimeungana zikawa bonge moja, hiyo ni fomu inayokula Enter, na hakuna namna ya kubandika itakayoibadilisha. Hapo mimi huanza kila aya kwa neno la herufi kubwa na nuktambili, TATIZO:, MAHITAJI:, BAJETI:, ili msomaji aone mipaka hata mistari ikipotea. Na kama rasimu ilikufikia kwa PDF, usinakili kutoka humo, kwa sababu kila mwisho wa mstari wa PDF unaweza kuingia kama Enter, sentensi zikakatika katikati na hesabu ikapanda. Mwombe aliyeandika akupe ya Word.

Barua pepe ya kupokelewa ilifika kwenye simu ya katibu saa kumi na dakika hamsini na nane, na maelezo yote ndani yake. Aliyasoma kwa sauti hadi mwisho, akanitazama. "Taadhima ya mwisho imo," akasema.