Kadi ya Singo Mtandaoni

Harusi nyingi za Dar es Salaam siku hizi zina kijana anayesimama mlangoni na simu mkononi. Mgeni anatoa kadi iliyoandikwa singo au dabo, kijana anaelekeza simu kwenye msimbo wa QR, jina linatokea, mgeni anapita. Dakika tano baadaye anakuja ndugu mwenye picha ya kadi ileile, aliyorushiwa WhatsApp. Simu inasoma kadi na kuonyesha kwamba imeshatumika. Hakuna aliyeizuia kadi hiyo isipigwe picha. Kilichomkwamisha ndugu ni orodha iliyo nyuma ya kadi, inayojua kadi ni ya nani na imeshaingiza wangapi.

Semina nyingi za kulipia mtandaoni hazina orodha ya namna hiyo. Mwandaaji anafungua mkutano wa Zoom, watu wanalipa kwa Lipa Namba, anawaingiza kwenye kundi la WhatsApp, na siku ya semina anatupa linki moja kundini. Yeyote anayeipata anaingia. Kuihamishia kwenye kundi jingine ni kazi ya sekunde mbili, na wengi wanaofanya hivyo hawana nia ya kumwibia mtu. Wanaona wanamsaidia shemeji au mfanyakazi mwenzao.

Tuseme semina ni ya kodi kwa wenye maduka, ada ni Sh 15,000, na waliolipa ni 80. Mwandaaji ana akaunti ya Zoom Pro, ambayo mkutano wake huchukua watu 100, naye akiwemo. Saa 2:00 usiku anafungua, na saa 2:10 chumba kimejaa. Simu yake inaanza kuita: waliolipa 12 wako nje na wanaambiwa nafasi zimekwisha. Hesabu yake ni nyepesi na inauma. Ndani wamo 68 waliolipa, yeye mwenyewe, na 31 ambao hawakutoa hata shilingi. Angependa kuwatoa hao 31, lakini kwenye orodha ya washiriki anaona “Samsung A14”, “iPhone”, “Mama Junior” na “Galaxy Tab”. Atajuaje nani ni nani? Anarudisha Sh 180,000 kwa walioachwa nje, na somo linaendelea kwa waliowahi kuingia.

Dawa yake ni kila aliyelipa kupewa linki yake. Kwenye Zoom linafanyika kwa kuuwekea mkutano usajili, yaani sehemu ya `Registration` kuwekwa `Required`. Usajili haupo kwenye akaunti ya bure. Ni lazima mwandaaji awe na akaunti ya kulipia. Tofauti ya linki hizo mbili inaonekana kwa macho:

```
https://us02web.zoom.us/j/81234567890?pwd=...
https://us02web.zoom.us/w/81234567890?tk=...
```

Ya kwanza ni linki ya mkutano, na ni moja kwa watu wote. Ya pili ni ya mtu. Baada ya `tk=` hufuata mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu usiobunika, na kila aliyesajiliwa ana wake. Mtu anapoibonyeza, Zoom inausoma mfululizo huo, inatazama kwenye orodha yake na kukuta jina na barua pepe alivyojiandikisha. Ndiyo maana anaingia kwa jina lake badala ya jina la simu.

Hapa ndipo waandaaji wengi wanapofurahi mapema. Wameweka usajili, kila mtu ana linki yake, na bado wageni wa bure wanajaa. Sababu iko hatua moja nyuma, kwenye namna ya kuidhinisha. Zoom inatoa njia mbili: `Automatically Approve` na `Manually Approve`. Kwa njia ya kwanza, anayejaza fomu anapewa linki papo hapo, awe amelipa au hajalipa. Aliyelipa hana haja tena ya kumpa rafiki linki yake ya kuingilia. Anamtumia fomu ya usajili, na rafiki anajipatia linki halali yenye jina lake mwenyewe. Linki za pekee zimetolewa 150 na malipo ni 80. Mlango una kufuli zuri, lakini funguo zinagawiwa barazani.

Kwa hiyo usajili na malipo lazima vifungwe pamoja. Kwa semina ya watu 80 mkono wa mtu unatosha. Fomu ya Zoom inaruhusu mwandaaji kuongeza maswali yake, naye anaongeza moja: namba ya muamala. Anachagua `Manually Approve`, kisha kila maombi yanapoingia anaitafuta namba hiyo kwenye taarifa ya malipo ya Lipa Namba yake. Aitafute kwenye taarifa hasa, kwa sababu ujumbe wa malipo uliopigwa picha unaweza kubadilishwa kwa dakika chache na mtu yeyote mwenye simu. Akiikuta na kiasi ni sahihi, anaidhinisha, na hapo ndipo Zoom inamtumia mhusika barua pepe yenye linki. Namba ya muamala ikijitokeza kwenye maombi mawili, mtu mmoja amelipa na wawili wanataka kuingia. Kwa dakika mbili kila ombi, watu 80 ni saa mbili na dakika arobaini za kazi. Ndiyo sababu inafaa usajili ufungwe jioni ya kuamkia semina, si nusu saa kabla.

Semina ikiwa ya mamia ya watu, kazi hiyo huachiwa programu. Mfumo wa malipo unapothibitisha kwamba fedha zimeingia, tovuti ya mwandaaji inaiomba Zoom imsajili mtu huyo:

```
POST /meetings/81234567890/registrants
```

Ombi hilo hubeba jina na barua pepe ya aliyelipa, na jibu linarudi na `join_url`, ambayo ni linki yake. Fomu ya wazi haisambazwi tena kwa washiriki, kwa hiyo alichonacho mkononi cha kumrushia rafiki ni linki yenyewe.

Na je, akiirusha linki yenyewe? Linki kuwa ya pekee hakuizuii kutumika na watu kumi. Inamtaja tu mwenyewe. Kinachozuia ni kipengele kingine kwenye mipangilio ya usajili, kinachosomeka `Allow attendees to join from multiple devices`. Kikiwa na tiki, linki moja inaweza kuwa kwenye simu, kompyuta na tableti kwa pamoja, na kompyuta hiyo inaweza kuwa ya jirani. Tiki ikitolewa, linki moja inakuwa na kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Hii ndiyo singo yenyewe. Watu wawili wakitaka kuitumia inawabidi wapokezane, na hakuna anayefuata somo la kodi kwa kupokezana.

Maneno “kwa wakati mmoja” yana uzito wake. Wapo wanaojitengenezea mfumo wao na kuamua kwamba linki ikishabonyezwa mara moja ife. Wanaoumia ni walewale waliolipa. Umeme umekatika, bando limekwisha katikati ya mada, simu imezima ikabidi kuhamia kompyuta. Mtu anarudi baada ya dakika tatu na kukuta mlango umefungwa kwa jina lake mwenyewe. Kuna mtego uliojificha zaidi: mifumo ya usalama ya barua pepe za ofisini huweza kuzifungua linki zilizomo kwenye ujumbe ili kuzikagua, kabla mwenye barua hajaiona. Linki ya kutumika mara moja inakuwa imeshakufa pale mwenyewe anapoibonyeza. Anayelazimika kujenga mfumo wa aina hiyo huweka kwanza ukurasa wenye kitufe cha “Ingia”, na kuhesabu matumizi pale kitufe kinapobonyezwa, si pale ukurasa unapofunguka.

Wengine hujaribu kumtambua mshiriki kwa anwani ya IP, ile namba inayoonyesha kifaa kimeingia mtandaoni kupitia wapi. Kwa watumiaji wa simu njia hii inapotosha. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja, kwa hiyo watu hamsini wasiojuana wanaweza kuonekana kama mtu mmoja. Na mtu mmoja akitoka kwenye Wi-Fi ya ofisi na kuingia kwenye bando lake barabarani, anwani yake inabadilika na anaonekana kama watu wawili.

Baada ya semina, ripoti ya washiriki inasema mengi. Kila mstari una jina, barua pepe, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mtu aliyeingia mara nne kwa vipande vya dakika ishirini huenda alikuwa na mtandao mbovu. Lakini aliyeingia kwa jina la kike, akatoka, kisha linki hiyohiyo ikarudi na jina limebadilishwa kuwa la kiume, huyo ameiazima kadi yake. Kwa semina zinazotoa vyeti hili lina maana zaidi, kwani cheti hutolewa kwa aliyesajiliwa. Ni vizuri pia kuzuia washiriki wasibadili majina yao wakiwa ndani. Mpangilio huo upo, na unamsaidia mwandaaji kuisoma orodha wakati somo linaendelea.

Linki haiwezi kila kitu. Familia ikiunganisha kompyuta na televisheni ya sebuleni, Zoom inaona kifaa kimoja tu. Ofisi ikilipia mtu mmoja na watano wakakaa mbele ya skrini, ni hivyohivyo, na kwa hao njia ya haki ni kuuza kadi ya kikundi kwa bei yake. Anayerekodi skrini kwa simu ya pili naye hazuiliki. Zoom ina alama ya maji inayoweka sehemu ya barua pepe ya mtazamaji juu ya kinachoonyeshwa, lakini inawataka washiriki wote waingie kwa akaunti zao za Zoom. Kwa mwenye duka ambaye hajawahi kufungua akaunti hiyo, ni kikwazo kinachoweza kumfungia nje aliyelipa ili kumkamata asiyelipa. Kwa semina ya Sh 15,000 haifai. Kwa mafunzo ya ada kubwa, yenye watu wachache waliozoea, inaweza kufaa.

Mwandaaji wetu akirudia semina yake kwa utaratibu huu, anamhitaji mtu mmoja zaidi kwa nusu saa ya kwanza: msaidizi asiyefundisha, mwenye orodha ya waliosajiliwa mbele yake na simu ya mawasiliano mkononi. Atapigiwa na aliyekosea herufi moja ya barua pepe, na aliyefuta ujumbe. Msaidizi anatafuta jina, anamtumia tena barua yake ya uthibitisho, au anaufuta usajili wenye kosa na kumsajili upya. Linki ya zamani inakufa hapohapo. Akipiga mtu anayelalamika kwamba linki yake inadai iko kwenye kifaa kingine, anamuuliza kwa upole kama kuna mwingine aliyempa. Kwa kawaida kimya hupita kidogo, kisha mpigaji anasema ngoja ampigie dada yake atoke.