Kete ni sawa, lakini binti yako anashinda

Mzazi mwenzangu,

Picha ya ubao uliyonitumia nimeiona, na wasiwasi wako nimeuelewa. Umehesabu kete, ukakuta kila upande una mfalme na askari wanne, kisha ukashangaa kwa nini binti yako amekataa sare. Alifanya vyema kukataa.

Hesabu uliyotumia ni ile ya kawaida: malkia pointi 9, ngome 5, farasi na askofu 3 kila mmoja, askari 1. Hesabu hiyo inakwambia kuna nini ubaoni. Haikwambii kila kete imesimama wapi wala inaweza kufanya kazi gani, na kete zikishapungua kiasi hiki, hilo ndilo linaloamua mchezo.

Tazama tena picha. Binti yako anacheza weupe: mfalme wake yuko d4, askari wako a4, f4, g3 na h4. Mweusi ana mfalme d6 na askari e6, f5, g6 na h5. Zamu ni ya binti yako. Upande wa kulia askari watatu wanatazamana na watatu, wamekwamana. Waliobaki ni wawili tu, yule mweupe wa a4 na yule mweusi wa e6, na hapo ndipo tofauti ilipo.

Wote wawili hawana askari wa adui wa kuwazuia njiani. Lakini wa e6 hana pa kwenda: akisogea e5, askari wa f4 anamla. Wa a4 njia yake iko wazi hadi mwisho wa ubao, ambako angegeuka malkia. Anayeweza kumzuia ni mfalme mweusi peke yake, na mfalme huyo huyo ndiye anayelinda askari wengine wote. Kazi ni mbili, ziko pande mbili za ubao, naye ana hatua moja tu kwa kila zamu.

Sasa mfuate binti yako. Anasogeza askari hadi a5. Mfalme mweusi hawezi kusonga mbele, kwa sababu c5, d5 na e5 zote ziko chini ya mfalme mweupe. Tuseme anakwenda c6 kumfukuzia askari. Hapo mfalme mweupe anaingia e5. Mweusi anakwenda b5, mweupe anamla wa e6. Mweusi anamla wa a5, na ukihesabu tena utakuta kila upande umebaki na askari watatu. Bado ni sawa, sivyo? Lakini mfalme mweusi sasa yuko pembeni kabisa, na mfalme mweupe yuko jirani na askari wake. Mweupe anakwenda f6, anamla wa g6, kisha wa f5. Wakati huo mweusi amekimbia b4, c3, d3, na hajafika popote pa kusaidia. Binti yako anabaki na askari watatu dhidi ya mmoja, na yule wa f4 njia yake imefunguka.

Kwa hiyo askari wa a4 hakuwekwa ili aokolewe. Thamani yake ni kumvuta mfalme wa adui mbali, na kadiri alivyo mbali na wenzake ndivyo safari ya kumfuata inavyogharimu. Angekuwa karibu na kundi la kulia, mfalme mweusi angeweza kumla na kurudi mapema.

Wanaojifunza hukosea hapa kwa huruma. Wanaona askari wa a4 yuko peke yake, wanampeleka mfalme c4 kumlinda. Mfalme akishaondoka d4, mweusi anasukuma e5. Mweupe akimla kwa askari wa f4, mfalme mweusi anamrudishia kwa kumla naye, na sasa mfalme huyo amekaa katikati, akitishia kusukuma f4 na kuvunja upande wa kulia. Ushindi uliokuwa wazi unageuka mbio za kuhesabu hatua. Binti yako alimwacha mfalme d4 alikokuwa, na hilo ndilo lililonipa imani kwamba ameelewa.

Nikuambie pia mpaka wa maneno yangu. Kama kila upande ungekuwa bado na ngome, nisingesema kwa uhakika huu, maana ngome inaweza kumzuia askari aliye huru kwa mbali, na michezo mingi ya namna hiyo huisha sare. Hapa wamebaki wafalme na askari tu, kila hatua inahesabika hadi mwisho.

Ukibaki na shaka, panga kete hizo jioni mkiwa nyumbani, wewe ushike weusi. Jaribu kumwacha askari wa a5 aende zake ubaki kulinda kulia, kisha jaribu kumfuata. Jaribu hata kusukuma g5. Atakula kwa askari wa h4, naye atakuwa na askari huru pande zote mbili.

Wako,
Mwalimu wake wa sataranji