Kuundwa, Kuvutana, Kupatana, Kutenda: Hatua Nne za Kazi ya Kikundi

Mwaka 1965 mwanasaikolojia wa Marekani, Bruce Tuckman, alichapisha makala iliyopitia maandishi yapatayo 50 ya watafiti waliokuwa wamechunguza vikundi vidogo. Alitaka kujua kama watu wanaowekwa pamoja kwa kazi moja hupita njia inayofanana, hata kama kikundi kimoja hakijawahi kukiona kingine. Aliona kwamba hupita hatua nne: huundwa, huvutana, hupatana, kisha hutenda. Katika kila hatua alitazama mambo mawili kwa pamoja, yaani jinsi wanakikundi wanavyohusiana na jinsi wanavyoikabili kazi yenyewe.

Hatua hizo huonekana waziwazi katika kazi za vikundi vyuoni, kwa kuwa kazi hizo zina siku ya kuanza, siku ya kukabidhi na alama. Tuchukue mfano wa wanafunzi watano waliopangwa pamoja na mhadhiri kwa kufuata orodha ya majina. Wamepewa wiki sita kuchunguza kwa nini baadhi ya mama lishe wanaouza chakula karibu na chuo hupikia mkaa na wengine gesi. Wanatakiwa kuwahoji mama lishe 20, kuandika ripoti moja na kuiwasilisha darasani. Watapata alama moja wote.

Hatua ya kuundwa ina adabu nyingi. Wanafunzi hao wanakutana chini ya mti nje ya maktaba, wanabadilishana namba za simu na kufungua kundi la WhatsApp. Kila mmoja anawapima wenzake: nani anajua, nani mvivu, nani ataongoza. Mmoja akipendekeza jambo, wengine wanaitikia “sawa tu”. Maswali yao mengi yanamhusu mhadhiri: anataka kurasa ngapi, dodoso liwe na maswali mangapi? Tuckman alieleza hatua hii kuwa ya kupimana na kutegemea kiongozi. Kosa la kawaida hapa ni kudhani kwamba “sawa tu” ni makubaliano. Watano hao wameondoka wakiamini wamegawana kazi, kumbe wamegawana vichwa vya habari tu: “wewe mahojiano, wewe uandishi”. Hawakusema mahojiano yakamilike lini, wala kazi iliyokamilika inafananaje.

Mapengo hayo ndiyo yanayoleta hatua ya kuvutana, ambayo Tuckman aliipa jina la dhoruba. Wiki ya pili, aliyepewa mahojiano analeta majibu ya mama lishe sita, yote mafupi. Aliyepewa uandishi anasema hayaandikiki. Wa kwanza anajibu kwamba yeye ametembea juani tangu asubuhi huku mwenzake akikaa kusubiri. Wa tatu hajaonekana kikaoni mara mbili; anafanya kibarua jioni, lakini hakuwaambia wenzake. Kwenye simu, ujumbe unasomwa bila kujibiwa. Wawili wameanza kuzungumza pembeni kuhusu kumlalamikia mhadhiri.

Ukiusikiliza ugomvi huo juu juu, utadhani ni wa tabia: huyu ana kiburi, yule hajali. Ukichunguzwa, unaonekana una maswali mawili ambayo hayakujibiwa mwanzoni. Swali la kwanza ni nani mwenye neno la mwisho. La pili ni kazi ya kiwango gani inatosha. Anayelenga alama ya juu na anayetaka kufaulu tu wataendelea kugongana hadi jambo hilo lisemwe wazi. Tuckman alibainisha pia kwamba watu huanza kuipinga kazi yenyewe pale inapowadai zaidi ya walivyotarajia. Kumbebesha dodoso lawama zote, au kusema mada ni mbaya, mara nyingi ni dalili ya hali hiyo.

Si kila kikundi hupiga kelele katika hatua hii. Kingine hunyamaza, na kimya hicho ni kigumu zaidi kukitambua. Dalili zake ni kwamba vikao vinafupika, mtu mmoja anaanza kufanya kila kitu usiku, na wengine wanasema “sisi tutasaini”. Kikundi kama hicho hakikufika kwenye kupatana. Kimeikwepa tu hatua ya kuvutana. Deni lake hulipwa siku ya kuwasilisha, mhadhiri anapomuuliza mwanakikundi swali kuhusu sehemu ambayo hakuwahi kuisoma.

Kikundi cha watano kinaingia hatua ya kupatana kwa kikao kimoja cha wiki ya tatu, ambapo wanayaweka mezani yale yaliyokuwa yakisemwa pembeni. Mwenye kibarua anaeleza ratiba yake. Inaonekana kwamba asubuhi yuko huru, na asubuhi ndipo mama lishe wanapowasha majiko. Mahojiano yanahamia kwake na kwa yule wa kwanza, wawili wawili, mmoja akiuliza na mwingine akiandika. Wanakubaliana kwamba hojaji moja haihesabiki kuwa imekamilika mpaka iwe na bei ya gunia la mkaa au ya kujaza mtungi, idadi ya siku nishati hiyo inazodumu, na sababu kwa maneno ya mama lishe mwenyewe. Wanakubaliana pia kwamba atakayechelewa ataarifu siku moja kabla. Kanuni hizo ni chache, lakini zinajibu yale maswali mawili. Tofauti nyingine husikika kwenye mazungumzo: sasa mtu anaweza kusema “aya hii haieleweki” na mwenzake akaisahihisha bila kununa.

Katika hatua ya kutenda, nguvu iliyokuwa ikiishia kwenye mahusiano inaingia kazini. Mmoja akiugua wiki ya tano, mwingine anashika nafasi yake bila kuitishwa kikao. Mahojiano 20 yanapopangwa kwenye jedwali, wanaona wenyewe kwamba baadhi ya waliobaki na mkaa wanajua gesi ingedumu zaidi, ila hawana fedha za kujaza mtungi mzima kwa mara moja, ilhali mkaa hununuliwa hata wa siku moja. Ugunduzi wa namna hiyo hutokana na vichwa vitano kutazama jedwali moja. Vipande vitano vilivyobandikwa pamoja usiku wa mwisho visingeuonyesha.

Mfumo huu una mipaka. Maandishi mengi aliyoyapitia Tuckman yalihusu vikundi vya tiba ya kisaikolojia na vya mafunzo ya mahusiano. Vikundi vya kazi za kawaida vilikuwa vichache. Hatua hazina muda maalumu, na kikundi kinaweza kurudi nyuma: akiongezwa mwanakikundi mpya wiki ya nne, kupimana huanza tena. Mwaka 1988 mtafiti Connie Gersick alichapisha uchunguzi wa vikundi vinane vilivyokuwa na tarehe ya mwisho, vikiwemo vya wanafunzi. Aliona havikupanda ngazi hatua kwa hatua. Vilishikilia mwenendo mmoja hadi karibu na katikati ya muda, kisha vikabadilika kwa mkupuo. Kikao cha wiki ya tatu kati ya sita kinaafiki maelezo yote mawili.

Mwaka 1977 Tuckman na Mary Ann Jensen waliongeza hatua ya tano, ya kuagana. Kwa wanafunzi watano hatua hiyo ni fupi: ripoti imekabidhiwa, alama zimetoka, na kundi la simu linabaki na ujumbe wa mwisho wa pongezi. Muhula ujao orodha mpya itabandikwa, na kila mmoja wao ataanza tena na wageni kwenye hatua ya kwanza.