Siku Saba kwa Mikono Miwili

Waulize watoto wa miaka minne au mitano katika darasa la shule ya Jumapili Mungu aliumba nini. Wengi watataja simba, samaki na watu. Siku ya pili, ile ya anga, huwaponyoka, maana haina kitu cha kushika wala cha kuiga sauti yake. Na jua karibu wote huliweka siku ya kwanza, ingawa Mwanzo sura ya 1 inaliweka siku ya nne.

Wimbo wa kuhesabu husaidia, lakini si kila wimbo. Nyimbo nyingi huipa kila siku kitendo chake kipya, mtoto akalazimika kukariri vitendo saba visivyohusiana. Mpangilio wa sura yenyewe unatupa njia nyepesi zaidi. Siku tatu za kwanza zinaandaa mahali, na tatu zinazofuata zinaleta vya kukaa humo: nuru ya siku ya kwanza hupata jua, mwezi na nyota siku ya nne, anga na maji ya siku ya pili hupata ndege na samaki siku ya tano, nchi kavu ya siku ya tatu hupata wanyama na watu siku ya sita. Kwa hiyo mikono inajifunza mahali patatu tu: usoni, juu na chini, kisha sakafuni.

Huu hapa wimbo mmoja nilioutunga kwa mpango huo. Kila mstari una mizani nane, ili makofi yasipotee:

Moja, kaumba mwangaza
Mbili, katandaza anga
Tatu, kaotesha miti
Nne, jua, mwezi, nyota
Tano, samaki na ndege
Sita, wanyama na watu
Saba, Mungu katulia

Kwenye "moja" watoto wanafunika macho kwa viganja na kuvifungua. Kwenye "nne" viganja vinafunguka palepale usoni, safari hii vidole vikimetameta. "Mbili" ni mkono mmoja juu kwa anga na mwingine chini kwa maji. Ikifika "tano", mkono wa chini unaogelea na wa juu unapiga mbawa, bila kubadilishana nafasi. "Tatu" wanachuchumaa, wanagusa sakafu na kuinua mikono taratibu kama mche. "Sita" wanarudi sakafuni, wanatambaa hatua mbili, kisha wanasimama wima na kujigusa kifua.

Baada ya kila mstari, tangu moja hadi sita, wote wanaitikia "Jioni! Asubuhi!": kichwa kinalala juu ya viganja, kisha kinainuka. Siku ya saba kiitikio hicho hakiimbwi, kwa sababu Mwanzo nayo haitaji jioni wala asubuhi ya siku hiyo. Watoto wanaketi, mikono mapajani, na darasa zima linakaa kimya kwa muda wa makofi manne. Mwalimu asiuogope ukimya huo wala kuujaza maneno. Ndiyo sehemu pekee ya wimbo ambamo mtoto anaitenda siku ya saba kwa mwili wake.

Usifundishe wimbo wote kwa mara moja. Jumapili ya kwanza siku tatu zinatosha, ya pili ongeza tatu, ya tatu malizia na pumziko. Imba polepole kuliko unavyotamani, maana mwili wa mtoto huchelewa nyuma ya ulimi wake. Ukikaza mwendo, ataacha vitendo na kupiga kelele tu. Usiyataje pia majina ya siku za juma, la sivyo watakuuliza kama siku ya tatu ndiyo Jumatatu.

Swali jingine litakuja: mwanga ulitoka wapi kabla ya jua? Mjibu mtoto yaliyoandikwa: Mungu aliamuru nuru iwepo, na mianga ya angani ikafuata baadaye. Kwa umri huo inatosha, na ni jibu la kweli kuliko kuisogeza siku ya nne ili maswali yaishe.

Je, wameelewa au wanakuigiza tu? Imba huku mikono yako imetulia, uone kama yao inaendelea. Halafu sema "Tano!" bila kuanzia mwanzo. Mtoto anayelazimika kurudi kwenye "moja" ameshika mfuatano wa maneno, bado hajazijua siku. Mrudishe kwa kuimba jozi peke yake, mbili na tano, mara kadhaa. Yule ambaye mikono yake inakwenda moja juu na mwingine chini kabla hata hajafungua kinywa amekwisha kuijua siku ya tano. Basi, mwalimu mwenzangu, kabla ya kumsifu mtoto kwa kuimba vizuri, itazame kwanza mikono yake.