Meshi za Chapa Mbili Hazipatani Hewani: Zipitishie Waya

Chukua nyumba ya ghorofa moja pale Mbezi, Dar es Salaam. Kuta ni za tofali za saruji, sakafu ya juu ni zege lenye nondo, na uani kuna chumba cha nje anakoishi mpwa wa mwenye nyumba. Ruta ya kampuni ya faiba imewekwa sebuleni. Waifai ilikuwa haifiki vyumba vya juu, kwa hiyo familia ikanunua vifaa viwili vya meshi aina ya Deco vya TP-Link, kimoja sebuleni na kingine juu, na mambo yakatulia. Kikabaki chumba cha uani. Kisha mjomba akaja likizo kutoka Dubai na zawadi: kifaa kimoja cha Nova cha Tenda. Boksi lake nalo limeandikwa Mesh.

Kinachofuata kinajulikana na kila fundi wa mitandao. Programu ya Deco kwenye simu inatafuta kifaa kipya na kurudi mikono mitupu. Programu ya Tenda inaiona Nova, lakini Deco mbili zilizo mita chache tu kando haizitambui kabisa. Kifaa kinawekwa upya mara hii na mara ile, taa inabadilika rangi, na hakuna kinachoungana. Wengi hapo huamua kwamba kifaa cha zawadi ni kibovu. Si kibovu. Neno Mesh kwenye boksi linaeleza namna kifaa kinavyofanya kazi na ndugu zake. Haliahidi kwamba kitafanya kazi na wa nyumba nyingine.

Tuanze na kile kinachokubaliana. Simu yako inaweza kuungana na ruta yoyote, iwe ya Huawei, ya Tenda au ya TP-Link, kwa sababu mazungumzo ya simu na ruta yamewekewa kanuni za pamoja zinazoitwa IEEE 802.11, na kila mtengenezaji anazifuata. Lakini meshi ina mazungumzo ya pili ambayo mtumiaji hayaoni, yaani yale ya kifaa kwa kifaa. Humo ndimo vinapokubaliana kipi ni mkuu, data ipite njia gani kutoka uani hadi sebuleni, simu ya nani isukumwe kwenda kifaa cha karibu zaidi, na funguo za siri za kuunganisha vifaa vyenyewe zitolewe vipi. Ni kama maduka mawili yaliyo jirani: yote yanapokea shilingi ileile kutoka kwa mteja, lakini daftari la madeni kila mwenye duka huliandika kwa alama anazozijua yeye.

Kanuni za sehemu hiyo ya pili zipo, na hapa ndipo watu hushangaa. Mwaka 2011 IEEE ilipitisha 802.11s, kanuni ya meshi yenyewe, lakini watengenezaji wengi wa vifaa vya nyumbani waliamua kuandika mfumo wao. Mwaka 2018 muungano wa Wi-Fi Alliance ukaleta mpango wa kuthibitisha vifaa uitwao EasyMesh, uliokusudiwa hasa kuwezesha chapa tofauti zishirikiane. Tatizo ni kwamba kujiunga nao ni hiari. Isitoshe, EasyMesh inahitaji kifaa kimoja kiwe msimamizi na vingine viwe wasaidizi, na vyote viwe na programu inayotambua kanuni hiyo. Ukimkosa mmoja kati yao, hakuna mtandao. Hata pale maneno EasyMesh yanapoandikwa kwenye maboksi mawili, mimi singenunua kabla ya kuona mtengenezaji ameitaja aina ya kifaa cha pili kwa jina katika orodha ya vinavyopatana.

Usidhani pia kwamba chapa moja inatosha. TP-Link yenyewe ina familia ya Deco na ina familia nyingine ya ruta na vipanuzi iliyouzwa kwa jina OneMesh, na hizo mbili haziungani kuwa meshi moja. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si "ni TP-Link?" bali "ni Deco?" Asus nao wana mfumo wao, AiMesh, unaokubali ruta zao nyingi lakini hauichukui ya jirani. Biashara imo humu, hilo halifichiki: aliyekwisha kununua vifaa viwili vya mfumo fulani atarudi kwa cha tatu. Lakini ipo pia sababu ya kiufundi ambayo ni haki kuitaja. Baadhi ya mifumo, kama Orbi za Netgear zenye redio tatu, hutenga redio moja nzima kwa mazungumzo ya vifaa vyenyewe ili isigombaniwe na simu. Mpango wa namna hiyo hauna mahali pa kumweka mgeni mwenye redio mbili.

Basi familia ya Mbezi ifanyeje na zawadi ya mjomba? Iache kuilazimisha iingie kwenye meshi ya Deco, na iiunganishe kwa waya. Kanuni ya waya wa mtandao, Ethaneti, ilipitishwa mwaka 1983, na kila kifaa chenye tundu la waya huo huifuata. Waya haujali chapa. Nova itakuwa kituo kingine cha waifai kinachopata intaneti yake kupitia waya, bila haja ya kuzungumza na Deco hewani hata neno moja.

Jambo la kwanza ni kuamua nani atagawa anwani. Katika nyumba moja awepo mgawaji mmoja tu wa anwani za IP, na hapa iachiwe ruta ya kampuni ya faiba. Deco zinabadilishwa kwenye programu yake, sehemu ya `Operation Mode`, kutoka `Router` kwenda `Access Point`. Nova inasajiliwa peke yake kwenye programu ya Tenda, kana kwamba ndiyo ya kwanza nyumbani, kisha kwenye mpangilio wa intaneti inachaguliwa `Bridge`. Majina ni tofauti lakini kazi ni ileile: kifaa kinaacha kuwa ruta na kinabaki kupitisha tu. Waifai ya ruta ya faiba yenyewe izimwe, kwa kuwa Deco iliyo kando yake inatosha.

Waya unatoka kwenye tundu la LAN la ruta ya faiba, au kwenye tundu lililo wazi la Deco ya sebuleni, hadi uani. Aina ya Cat5e inatosha, na kipande kimoja kinaweza kufika mita 100, umbali ambao nyumba nyingi hazina. Ninachosisitiza ni kuuliza kama ni shaba tupu. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, ambao ni wa bei nafuu, unakatika upesi ukipindwa na unasumbua kwa umbali mrefu. Sehemu inayopita nje inunuliwe waya wenye ganda la kustahimili jua, na usifungwe pamoja na nyaya za umeme.

Mwisho, Nova ipewe jina la waifai lilelile la Deco, herufi kwa herufi, nenosiri lilelile, na ulinzi wa aina ileile. Hili la tatu ndilo husahaulika. Deco ikiwekwa WPA3 peke yake na Nova ikabaki WPA2, simu huenda isizione kama mtandao mmoja. Ziwekwe WPA2 zote mbili.

Mpwa akitembea kutoka sebuleni kwenda uani, simu yake itahama yenyewe, kwa sababu uamuzi wa kuhama ni wa simu tangu mwanzo. Ndani ya meshi halisi vifaa huishauri simu. Hapa hakuna wa kuishauri, kwa hiyo wakati mwingine itang'ang'ania kifaa cha mbali kwa muda, na mtu aliye kwenye simu ya WhatsApp anaweza kusikia sauti ikikatika kwa sekunde moja au mbili. Apple inaeleza kwamba iPhone huanza kutafuta kituo kingine nguvu ya mawimbi ikishuka chini ya `-70 dBm`. Ndiyo maana Nova isiwekwe kando ya dirisha la sebule. Ikiwekwa ndani kabisa ya chumba cha uani, mawimbi ya Deco yatakuwa yameshadhoofika kufikia hapo, na simu itahama bila kusitasita.

Makosa yanayoharibu kazi hii ni machache na yote yanatambulika. Kama kifaa kimoja kilibaki kuwa ruta, nyumba inakuwa na mitandao miwili ndani ya mmoja. Intaneti itafanya kazi, lakini printa iliyo sebuleni haitaonekana kutoka uani, na kamera za ulinzi zitapatikana ukiwa upande mmoja tu. Fungua maelezo ya waifai kwenye simu na utazame anwani ya IP ukiwa kila mahali. Tuseme uani inasomeka `192.168.100.15` na juu inasomeka `192.168.68.52`. Tarakimu za tatu hazifanani, na 68 ni namba ambayo Deco hutumia inapokuwa ruta. Kwa hiyo Deco haijabadilishwa. Ikisomeka 100 kila kona ya nyumba, mgawaji ni mmoja.

Kosa la pili ni baya zaidi. Mtu anachomeka waya wa pili kati ya vifaa vilevile akidhani ataongeza kasi, au anawasha kipanuzi kinachoungana hewani huku kikiwa tayari kina waya. Data inaanza kuzunguka bila kutoka, taa za matundu zinapepesa zote kwa kasi, na nyumba nzima inakosa intaneti. Chomoa waya mmoja baada ya mwingine hadi taa zitulie. Wa mwisho uliouchomoa ndio uliofunga mzunguko.

Na kama umelipia kasi ya 200 lakini uani haizidi 95 hata ukikaa kando ya Nova, angalia waya kabla ya kulaumu kampuni ya intaneti. Kasi ya juu huhitaji nyuzi zote nane. Mmoja ukiwa umekatika au haukubanwa vizuri kwenye kichwa, vifaa hushuka vyenyewe hadi 100. Sababu nyingine ni tundu la kifaa chenyewe kuwa la 100, jambo la kawaida kwenye aina za bei ya chini, na hapo hakuna waya utakaosaidia.

Pasipoweza kupitishwa waya kabisa, kama katika nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe hataki kutobolewa ukuta, ushauri wangu ni kuiuza Nova na kununua Deco ya tatu. Inaweza kuwa aina ya zamani kuliko zile mbili. Deco za aina tofauti huungana. Wapo wanaofuta programu ya kiwandani na kuweka OpenWrt, inayoweza kuziunganisha ruta za chapa mbalimbali kwa 802.11s, na inafanya kazi kweli. Ila kabla ya kuanza tafuta namba kamili ya kifaa chako pamoja na toleo lake, vilivyochapwa kwenye lebo ya chini, katika orodha ya vifaa inayotunzwa na mradi wa OpenWrt. Kifaa cha jina lilelile kikiwa cha toleo jingine kinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa ndani, na programu isiyo yake huweza kukiua moja kwa moja.