Bukavu: daftari la muuguzi wa usiku latia shaka chupa ya serumu

Usiku wa kwanza, muuguzi wa zamu katika hospitali moja mjini Bukavu aliandika: «Mtoto wa kitanda cha 3 anakataa kunyonya. Joto 35,4.» Usiku wa tatu: «Amefariki. Wawili wengine ni baridi vilevile.» Usiku wa tano: «Sasa wanne. Wote walipewa serumu. Wanaonyonya tu ni wazima.»

Kwa mtoto mchanga, maambukizi ya damu yanaweza kushusha joto badala ya kulipandisha. Muuguzi akatazama chupa ya glukozi: ilifunguliwa siku kadhaa, na watoto wote walichotewa humo. Vijidudu vikiingia humo, huongezeka. Asubuhi daktari aliagiza antibiotiki, na chupa ikapelekwa maabara. Sasa kila mtoto ana chupa yake.